Sekunde Sita za Moyo Kwenye Karatasi ya Kwizi

Swali la nne katika kwizi ya wanafunzi wa uuguzi linakwenda hivi. Mama wa miaka 46 amefika mapokezi akisema moyo unamwenda mbio na pumzi zinamwishia akipanda ngazi. Aliwahi kuambiwa ana tatizo la valvu ya moyo. Chini ya maelezo hayo kuna ukanda wa karatasi yenye mirabamiraba, na juu yake mstari mwembamba unaopanda na kushuka kwa muda wa sekunde sita. Majibu ni manne. A: mdundo wa kawaida wa sainasi, ila umeongezeka kasi. B: mtetemeko wa vyumba vya juu vya moyo, ambao wodini wanauita AF. C: flata ya vyumba vya juu. D: mdundo wa kasi unaoanzia vyumba vya chini, yaani VT.

Wengi huanza kuhesabu. Wanavikuta vilele 11 katika sekunde sita, wanazidisha kwa kumi, wanapata mapigo 110 kwa dakika. Kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100, na huyu amezidi kidogo, tena ana wasiwasi, kwa hiyo wanaweka alama kwenye A. Hesabu yao ni sahihi kabisa, ila jibu si hilo. Kasi inaeleza moyo umepiga mara ngapi. Haielezi nani aliyetoa amri ya kupiga, na swali lilikuwa hilo.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mashine ya ECG huisukuma karatasi milimita 25 kila sekunde. Kila mraba mdogo una upana wa milimita moja, hivyo ni sekunde 0.04. Midogo mitano hufanya mraba mkubwa mmoja, ambao ni sekunde 0.20, mikubwa mitano ni sekunde moja, na mikubwa 30 ndiyo sekunde sita za kwizi yetu. Kabla ya kuhesabu chochote, muuguzi mzoefu hutupia jicho pembeni mwa karatasi kuona kama imeandikwa 25 mm/s. Kuna siku mtu amebonyeza kitufe na mashine inakwenda 50, mawimbi yote yanavutika, na anayehesabu miraba kwa mazoea anapata nusu ya mapigo halisi.

Katika moyo wenye afya, amri hutoka sehemu ndogo iliyo juu ya chumba cha juu cha kulia, inayoitwa nodi ya sainasi. Umeme unasambaa kwanza katika vyumba viwili vya juu, na karatasini unachora kilima kidogo cha mviringo, wimbi la P. Kisha unafika kwenye nodi ya AV, njia pekee ya kawaida ya kushukia chini, unacheleweshwa hapo kidogo ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu. Ukishapita, unavisambaa vyumba vya chini kwa haraka na kuchora kilele kirefu chembamba, QRS. Wimbi la T linalofuata ni vyumba vya chini kujiandaa kwa pigo jingine. Herufi hizo alizichagua Mholanzi Willem Einthoven, aliyetengeneza kipimo hiki mjini Leiden mwanzoni mwa karne ya 20 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Hazisimamii maneno yoyote, kwa hiyo mwanafunzi asijisumbue kutafuta kirefu chake.

Mdundo wa kawaida wa sainasi basi una dalili chache zinazokwenda pamoja. Kila QRS imetanguliwa na P moja, na kila P imefuatwa na QRS. P zote zina umbo moja, na katika lidi II, ambayo kwizi nyingi huitumia, zimesimama kwenda juu. Kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS ni miraba midogo mitatu hadi mitano, na haibadiliki pigo hadi pigo. QRS yenyewe ni nyembamba, chini ya miraba midogo mitatu. Na umbali kati ya kilele na kilele unakaribiana ukanda mzima.

Sasa turudi kwa yule mama, tuache kuhesabu mapigo na badala yake tupime nafasi. Chukua kipande cha karatasi nyeupe chenye ukingo ulionyooka, ukiweke juu ya vilele, na kwa penseli utie alama kwenye kilele cha kwanza, cha pili na cha tatu. Kisha kisogeze kulia. Moyo ukiwa na mpigo sawasawa, alama zako zitaangukia vilele vinavyofuata kila mara. Kwa mama huyu haziangukii. Ukipima kwa miraba midogo, nafasi zinakuja hivi: 11, 17, 13, 20, 10, 14, 12, 18, 11, 15. Hakuna mbili zinazofuatana zikalingana. Zaidi ya hapo, hakuna utaratibu katika kutolingana kwenyewe: hazipungui kidogo kidogo, hazijipangi mbili mbili au tatu tatu, wala pigo moja halikuwahi likafuatwa na pumziko kisha mambo yakarudi kama zamani. Ni vurugu tangu mwanzo hadi mwisho.

Nafasi hizi pia zinaonyesha kwa nini kanuni ya haraka ya kupata kasi haifai hapa. Mdundo ukiwa sawasawa, unagawa 1500 kwa idadi ya miraba midogo kati ya vilele viwili na unapata mapigo kwa dakika. Ukimfanyia mama huyu kwenye nafasi ya miraba 10 utapata 150. Ukihamia ile ya 20 utapata 75. Moyo ni uleule, na zimepita sekunde mbili tu. Kwa mdundo usio sawa, kuhesabu vilele vya sekunde sita na kuzidisha kwa kumi ndiyo njia ya kutumia, na ukiwa na ukanda mrefu zaidi, afadhali.

Swali la pili ni kama kuna wimbi la P. Tazama mstari ulio kati ya T moja na QRS inayofuata. Kwa mama huyu mstari haukai bapa; unatetemeka, vinyuzinyuzi vya kila umbo, vingine vikubwa, vingine havionekani vizuri. Mwanafunzi mwenye hamu ya kuiona P ataiona: atachagua kinyuzi kimoja kilicho mahali pazuri na kukipa jina. Dawa yake ni kudai kwamba kama hiyo ni P, basi iwepo mbele ya kila QRS, umbo lilelile, umbali uleule. Ukifika kilele cha tatu haipo.

Kinachotokea ndani ya kifua ni kwamba vyumba vya juu vimepoteza kiongozi. Umeme unazunguka humo kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, mara 350 hadi 600 kwa dakika, na misuli haiwahi kujikunja, inatetemeka tu. Nodi ya AV iko hapo katikati kama mlinzi wa geti siku ya mechi. Anasukumwa na umati, anapitisha mmoja, geti linajifunga kidogo, anapitisha mwingine, na hakuna ajuaye nani atapita lini. Ndiyo maana vilele vinakuja bila mpangilio. Na kwa kuwa waliopita wote wameshuka kwa njia ya kawaida, QRS inabaki nyembamba.

Kwa hiyo ni B. Lakini kwizi nzuri itataka ujue kwa nini si hayo mengine.

A imeanguka kwa kukosa P na kwa nafasi zisizolingana. Hata hivyo kuna mdundo wa sainasi usiolingana, nao huwapata hasa watoto na vijana wenye afya: akivuta pumzi mapigo yanasogeleana, akitoa yanaachana. Tofauti ni kwamba P zote zipo, na kubadilika kwenyewe kunakwenda taratibu pamoja na pumzi.

C, flata, ni ndugu wa karibu wa AF na mara nyingi humpata mgonjwa yuleyule kwa nyakati tofauti. Humo umeme unazunguka kwa njia moja tu, kwa mpangilio, takriban mara 300 kwa dakika, na mstari wa chini unafanana na meno ya msumeno, yote ya umbo moja. Nodi ya AV mara nyingi hupitisha moja katika kila mbili, na vyumba vya chini vinapiga karibu 150, sawasawa. Ukikutana na mdundo mwembamba uliotulia kwenye 150 kwa mgonjwa aliyelala kimya, tafuta meno ya msumeno kabla ya kuandika sainasi. Jino moja hupenda kujificha ndani ya T. Nodi ikipitisha mara moja katika mbili, mara moja katika nne, vilele vitaachana bila kulingana na flata itaanza kufanana na AF. Hapo angalia mstari wa chini. Wa flata unajirudia, wa AF haujirudii.

D inakataliwa na upana. VT huanzia kwenye misuli ya vyumba vya chini, nje ya njia ya kawaida, na umeme unasambaa polepole kutoka msuli hadi msuli. QRS zake ni pana, miraba midogo mitatu au zaidi, na kwa kawaida zinafuatana sawasawa kwa kasi inayozidi 100. Za mama yetu ni nyembamba, zina upana wa miraba miwili. Ila mtu asifike wodini akaona QRS pana, ya kasi, akajifariji kwamba huenda ni kitu chepesi. Kanuni wanayofundishwa wauguzi ni kwamba mdundo mpana wa kasi ni VT mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Ikigeuka kuwa VF, yaani vyumba vya chini navyo vinatetemeka, karatasini hakuna tena QRS, na mgonjwa hana mapigo wala fahamu. Hapo hakuna kwizi. Ni kukandamiza kifua na kuita mashine ya shoki.

Kuna pia mtego ambao hautoki moyoni. Mgonjwa mwenye homa anayetetemeka kwa baridi, au mzee mwenye mikono inayotikisika, atachora mstari uliojaa vinyuzinyuzi na P zitafunikwa. Mwanafunzi anaandika AF. Lakini akiweka ile karatasi yenye alama za penseli, vilele vinaangukia mahali pake vizuri kabisa, kitu ambacho AF haikubali. Funika mgonjwa blanketi, mwambie alegeze mikono, hakikisha vibandiko vimeshika kwenye ngozi kavu, kisha piga mchoro upya.

Mtego mwingine mgumu zaidi ni wa kasi nzuri. Nilishuhudia darasani mkufunzi akigawa ukanda wa mzee aliyekuwa amelala na dawa zake anazimeza vizuri. Kijana mmoja akanyoosha mkono. “Madam, mashine imeandika 76. Hii ni kawaida.” Mkufunzi hakubisha. “Mashine imekupa wastani, mwanangu. Weka karatasi yako hapo tuone.” Akaweka, akasogeza, alama ya pili ikaanguka hewani. Ilikuwa AF ileile, ila dawa zimeifanya nodi ya AV ipitishe wachache. Wengi wenye AF iliyotibiwa wanaonekana hivi, na ndio wanaopitwa na macho. Kinyume chake nacho kipo: AF ikikimbia 160 au 170, nafasi zinabanana kiasi kwamba jicho linaziona zote sawa. Penseli haidanganyiki kirahisi namna hiyo.

Swali la tano kwenye kwizi linaendelea na mama huyohuyo: muuguzi afanye nini kwanza? Majibu yanashawishi, kuna dawa ya kupunguza kasi, kuna shoki, kuna kumpigia daktari. Jibu lenye alama ni kumwangalia mgonjwa: shinikizo la damu, maumivu ya kifua, pumzi, fahamu, kisha mchoro kamili wa lidi 12. Akiwa na shinikizo lililoporomoka au mapafu yamejaa maji, mambo ni ya dharura na shoki iliyopangiliwa na QRS inaweza kuhitajika hapohapo. Akiwa ametulia kitandani, kuna muda wa kufikiri, na ni lazima kufikiri, kwa sababu kuurudisha mdundo ghafla bila dawa ya kuzuia damu kuganda kunaweza kusukuma donge la damu lililokwisha kujiunda.

Donge hilo ndilo linaloifanya AF iogopwe kuliko kasi yenyewe. Vyumba vya juu visipojikunja, damu inatuama, hasa katika kijifuko cha chumba cha kushoto. Ikiganda na donge likachomoka, safari yake fupi huishia ubongoni, na mtu anapooza upande mmoja. Kwa ujumla AF huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano, na kwa mwenye valvu ya mitrali iliyobana hatari ni kubwa zaidi ya hapo. Ndiyo maana ile sentensi fupi kuhusu valvu katika swali haikuwekwa kupamba. Kwetu Afrika Mashariki, valvu iliyobana mara nyingi ni kovu la homa ya baridi yabisi ya utotoni, iliyoanza na koo kuuma, na AF yake humpata mtu akiwa bado kijana au wa makamo, wakati vitabu vya Ulaya vinamweka mgonjwa wa AF kwenye miaka ya 70. Dawa nayo inabadilika. Utafiti wa INVICTUS, uliotolewa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini wenye AF na ugonjwa huu wa valvu, uliwalinganisha waliopewa rivaroksabani na waliotumia dawa za zamani za jamii ya warfarini. Waliotumia za zamani walikufa wachache zaidi. Kwa mama wa swali letu, basi, warfarini pamoja na usumbufu wake wa kupima damu mara kwa mara bado ndiyo inayotangulia.

Pale ambapo mashine haipo, AF inaweza kushukiwa kwa vidole na stetoskopu. Wauguzi wawili wanatumia saa moja, kwa dakika nzima. Mmoja anasikiliza moyo kifuani, mwingine anashika mapigo kwenye kifundo cha mkono, na wanaanza kwa pamoja. Kifuani inaweza kupatikana 118, mkononi 94. Mapigo 24 yamepotea njiani: vilele vilivyokuja mapema mno vilikuta vyumba vya chini havijajaa, vikajikunja na kusukuma damu kidogo isiyofika mkononi. Anayehesabu mkononi kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne atamwandikia mgonjwa huyu namba nzuri isiyo kweli. Hata mashine ya shinikizo la damu inayojijaza yenyewe hubabaika, kwa kuwa kila pigo lina nguvu yake. Ni vema kurudia kipimo mara mbili tatu.

Swali la mwisho kwenye karatasi ile ndilo lililowaangusha wengi, pamoja na waliokwisha kufanya kazi wodini. Mzee mwenye AF ya miaka mingi anatumia digoksini. Wiki hii ameharisha, hali chakula, anatapika, na anasema taa zina rangi ya njano. Ukanda wake una mstari wa chini unaotetemeka bila P, kama siku zote, lakini vilele vimetulia, nafasi sawasawa, mapigo 42. Wengi waliandika kwamba mdundo umerudi vizuri. Haukurudi, kwani P bado hakuna. Vyumba vya juu vinaendelea kutetemeka. Geti ndilo limefungwa kabisa, na vyumba vya chini vinajipigia vyenyewe kwa mwendo wao wa polepole. AF ikianza kwenda sawasawa na taratibu kwa mtu anayemeza digoksini, fikiria kwamba dawa imezidi mwilini, na kuharisha kunakopunguza maji na potasiamu kunaichochea zaidi. Dozi ya asubuhi inazuiwa, daktari anaitwa, mgonjwa anafungwa kwenye monita, na damu inachukuliwa kupima potasiamu, figo na kiwango cha digoksini.